Kampuni mia tano kwa kipande kimoja: mwongozo wa kununua mfuko wa fahirisi

Mwezi Novemba 2001 kampuni ya nishati ya Enron ilikuwa inaanguka huko Marekani. Hisa yake, iliyofika dola 90 mwaka mmoja tu kabla, ilishuka mpaka chini ya dola moja. Wafanyakazi wake wengi walikuwa wameweka akiba ya uzeeni ndani ya hisa hizo hizo, na wakabaki mikono mitupu. Wakati huo huo Enron iliondolewa kwenye orodha ya kampuni kubwa za Marekani iitwayo S&P 500, na nafasi yake ikachukuliwa na Nvidia, ambayo siku hizo ilijulikana zaidi kwa wapenzi wa michezo ya kompyuta.

Mtu aliyekuwa na kipande cha mfuko unaofuata orodha ile hakuhitaji kujua lolote kati ya hayo. Enron ilimpunguzia kidogo sana, kwa kuwa ilikuwa moja kati ya mia tano. Nvidia iliingia kapuni mwake bila yeye kubashiri kwamba siku moja ingekuwa miongoni mwa kampuni kubwa kuliko zote duniani. Hapa nitaeleza jinsi kapu hilo linavyofanya kazi, kisha jinsi mtu wa Mombasa, Arusha au Maskati anavyoweza kulinunua kwa akiba ndogo bila kuliwa na ada na kodi njiani.

Orodha kwanza, mfuko baadaye

Orodha kama S&P 500 ndiyo huitwa fahirisi. Yenyewe ni hesabu ya karatasini tu: majina ya kampuni na uzito wa kila moja. Huwezi kununua fahirisi. Unachonunua ni mfuko unaokusanya fedha za watu wengi na kununua hisa zilizomo katika orodha, kwa uzito ule ule. Mfuko wa kwanza wa aina hii kwa watu wa kawaida ulianzishwa na John Bogle wa Vanguard mwezi Agosti 1976. Alitarajia kukusanya dola milioni 150, akapata takriban milioni 11, na watu wa masoko ya fedha wakauita upuuzi wa Bogle.

Neno la kulielewa vizuri hapa ni uzito. Chukua soko dogo la mfano lenye kampuni tatu. Ya kwanza hisa zake zote zina thamani ya shilingi bilioni 600, ya pili bilioni 300, ya tatu bilioni 100. Jumla ni bilioni 1,000. Ukiweka shilingi 1,000 kwenye mfuko wa fahirisi wa soko hilo, 600 zitanunua kampuni ya kwanza, 300 ya pili na 100 ya tatu. Mwaka unapita. Ya kwanza inapanda kwa asilimia 20, ya pili inabaki pale pale, ya tatu inapoteza nusu. Soko zima sasa lina thamani ya bilioni 720 jumlisha 300 jumlisha 50, yaani 1,070. Zako nazo ni 720, 300 na 50, yaani 1,070.

Tazama kwamba meneja wa mfuko hakuuza wala kununua chochote mwaka mzima, na bado kapu limebaki sawasawa na orodha. Iliyokua imeongezeka uzito yenyewe, na iliyofifia imepungua yenyewe. Meneja anaguswa pale tu kampuni inapotoka na nyingine kuingia, kama Enron na Nvidia, au hisa mpya zinapotolewa. Hii ndiyo sababu ada ya mfuko wa fahirisi ni ndogo: hakuna jopo la wachambuzi wa kulipwa, na hakuna kununua na kuuza kila wiki.

Uzito huo huo una upande wake mgumu. Mwishoni mwa 2024, kampuni kumi kubwa za S&P 500 zilibeba zaidi ya theluthi moja ya fahirisi nzima, na nyingi kati yake ni za teknolojia. Kwenye soko la Nairobi hali ni kali zaidi, maana Safaricom peke yake huvuta fahirisi ya hisa zote kwa nguvu kubwa. Kwa hiyo usitosheke na idadi ya kampuni. Fungua ukurasa wa mfuko, tafuta orodha ya kumi za juu, na ujumlishe asilimia zake. Hapo ndipo utajua fedha yako imekaa wapi.

Mfuko unaouzwa sokoni

Mfuko wa kawaida, kama Umoja wa UTT AMIS kule Tanzania, hukuuzia vipande wenyewe kwa bei moja ya siku. Aina ya pili ni mfuko ambao vipande vyake vimeorodheshwa kwenye soko la hisa na hununuliwa kama hisa nyingine yoyote, dakika kwa dakika. Huo ndio watu huuita ETF. Wa Marekani unaofuata S&P 500, wenye alama SPY, ulianza Januari 1993. Afrika Kusini ilipata wa kwanza, Satrix 40, mwaka 2000.

Msomaji makini atauliza: ikiwa bei inapangwa na wauzaji na wanunuzi sokoni, nini kinazuia kipande kisiuzwe ghali kuliko hisa zilizomo ndani yake? Fikiria kapu la matunda sokoni Kariakoo. Kama kapu lililofungwa linauzwa 12,000 na matunda yaliyomo ukiyanunua moja moja ni 10,000, mfanyabiashara wa jumla atanunua matunda, atafunga makapu mapya na kuyauza, mpaka bei ishuke. Kapu likiuzwa 8,000, atanunua makapu, atayafungua na kuuza matunda. Kwenye ETF kuna taasisi kubwa za fedha zenye mkataba wa kufanya kazi hiyo. Zinapeleka hisa kwa mfuko na kupewa vipande kwa mafungu makubwa, au zinarudisha vipande na kupewa hisa. Faida ni yao, lakini bei sahihi inabaki kwako.

Kazi hiyo hufanyika vizuri pale tu matunda yenyewe yapo sokoni. Soko la hisa zilizomo likiwa limefungwa, wafanyabiashara hao hukadiria, nao hujilinda kwa kupanua pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Nitarudi kwenye saa za kununua.

Jambo moja la kushika kabla hatujaanza: ETF ni jina la chombo, si la kilichomo. NewGold, iliyoorodheshwa Nairobi mwaka 2017, ni ETF halali, lakini ndani yake mna dhahabu, hakuna kampuni hata moja. Na ukiona maneno `Leveraged`, `Short`, `2x` au `3x` kwenye jina, uache. Hizo huzidisha au kugeuza mwendo wa fahirisi wa kila siku. Fahirisi ikishuka kutoka 100 hadi 90, kisha ikarudi 100, aliyekuwa na `3x` ameshuka hadi 70 na kurudi 93 tu. Soko limerudi lilipokuwa, yeye amepoteza.

Hatua ya kwanza: tenga fedha ambayo hutaigusa

Kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009 S&P 500 ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Bei haikurudi kwenye kilele kile mpaka Machi 2013. Mwaka 2008 peke yake, hata ukijumlisha gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, mwenye mfuko alipoteza asilimia 37. Kumiliki kampuni mia tano hukukinga na kifo cha kampuni moja. Hakukukingi na siku ambayo soko zima linaanguka.

Ada ya shule ya mwakani, kodi ya nyumba na fedha ya dharura zisiingie hapa. Hizo zina mahali pake, kama mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS au mifuko ya soko la fedha ya Kenya. Kumbuka pia kwamba kipande hiki kitakuwa kwa dola na matumizi yako ni kwa shilingi, kwa hiyo thamani yako itayumba kwa sababu mbili. Miaka mitano naiona michache. Kumi na zaidi ndiyo inayofaa.

Hatua ya pili: chagua nchi ya mfuko kabla ya kuchagua mfuko

Hapa ndipo watu wengi wa kwetu hukosea, kwa sababu mafunzo mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa ajili ya Wamarekani. Wao huambiwa wanunue VOO, ETF ya Vanguard inayofuata S&P 500, yenye ada ya asilimia 0.03 kwa mwaka, na ushauri huo kwao ni sahihi. Kwa mkazi wa Kenya, Tanzania, Omani au Dubai asiye raia wa Marekani, VOO ina mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni kodi ya gawio. Nchi hizo hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo gawio linakatwa asilimia 30 kabla halijakufikia. Mtego wa pili ni kodi ya mirathi. Mgeni akifariki akiwa na mali za Marekani zenye thamani inayopita dola 60,000, kile kinachozidi kinaweza kutozwa mpaka asilimia 40. Watu hawalifikirii hilo wanapoanza na dola mia, ila akiba ya miaka ishirini hufika huko.

Njia ya halali ya kuepuka hayo ni mfuko unaofuata fahirisi ile ile lakini umesajiliwa Ayalandi. Nchi hiyo ina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo gawio linakatwa asilimia 15 ndani ya mfuko, na kipande chako hakihesabiwi kuwa mali iliyoko Marekani. Utautambua kwa mambo mawili: jina lina neno `UCITS`, na namba yake ya utambulisho, `ISIN`, inaanza na herufi `IE`.

Tufanye hesabu. Tuseme gawio ni asilimia 1.3 ya thamani kwa mwaka. Kwa mfuko wa Marekani unapoteza 0.39 kwa kodi na 0.03 kwa ada, jumla 0.42. Kwa mfuko wa Ayalandi wenye ada ya 0.07 unapoteza karibu 0.20 kwa kodi, jumla 0.27. Ule ulioonekana ghali ndio rahisi.

Ndugu zetu wanaoishi Marekani, au wenye uraia wa huko au kadi ya ukaaji ya kudumu, wafanye kinyume kabisa. Sheria ya kodi ya Marekani inawatoza vikali wakazi wake wenye mifuko ya nje. Kwao VOO na wenzake ndio mahali pake.

Hatua ya tatu: chagua mfuko wenyewe

Kwenye soko la London utakuta vipande vingi vinavyouzwa kwa dola. Mitatu inatosha kuanzia. `VUAA` na `CSPX` yote hufuata S&P 500 kwa ada ya takriban asilimia 0.07, ila kipande kimoja cha `CSPX` hugharimu mamia ya dola, jambo linalomsumbua mwenye akiba ndogo ikiwa dalali wake hauzi sehemu za kipande. `VWRA` hufuata FTSE All-World, yaani kampuni zaidi ya 3,500 za nchi tajiri na zinazoinukia, kwa ada ya karibu asilimia 0.2. Hata humo Marekani hubeba zaidi ya nusu ya uzito.

Mimi nikilazimishwa kuchagua mmoja wa kukaa nao miaka ishirini, nachukua wa dunia nzima. Ada imezidi kidogo, ila sihitaji kubashiri kwamba Marekani itaendelea kutamba. Yote mitatu haikulipi gawio mkononi bali hununua hisa zaidi ndani ya mfuko. Kwa jina lake utaona `Acc`. Penye `Dist` gawio huja kwako, na hapo fedha ndogo ndogo hizo hukaa bila kazi kwenye akaunti.

Kwa Waislamu wanaojali fahirisi zilizochujwa kisharia ipo `ISDW`, inayoacha benki za riba, pombe, kamari na kampuni zenye madeni makubwa. Ada yake ni kubwa kuliko hizo nyingine na idadi ya kampuni ni ndogo, na wasimamizi hutangaza sehemu ya gawio inayopaswa kutakaswa.

Usiidharau tofauti ya ada. Ukiweka dola 100 kila mwezi kwa miaka 20 utakuwa umetoa mfukoni dola 24,000. Tukichukulia tu kwa mfano kwamba soko linakua kwa asilimia 7 kwa mwaka, mfuko wa ada ya 0.2 utakupa karibu dola 50,800. Mfuko wa ada ya asilimia 2 utakupa karibu 41,100. Zile 9,700 hazikupotea sokoni. Zimekwenda kwa wasimamizi, kidogo kidogo, bila wewe kuona hata risiti moja.

Hatua ya nne: dalali na njia ya fedha

Unahitaji dalali wa hisa mwenye kibali cha kukufikisha soko la London. Interactive Brokers hupokea wateja wa nchi nyingi, na wapo wengine. Jina lolote utakaloletewa, litafute wewe mwenyewe kwenye daftari la msimamizi wa masoko wa nchi alikosajiliwa: FCA kwa Uingereza, FINRA kwa Marekani, CMA kwa Kenya, CMSA kwa Tanzania. Usifuate kiungo ulichotumiwa na dalali huyo. Anayekuahidi faida ya kila wiki kwenye kundi la WhatsApp hauzi mfuko wa fahirisi, hata akilitumia neno hilo, kwa sababu fahirisi haiahidi kitu.

Wakati wa kujisajili utatoa pasipoti, uthibitisho wa makazi na namba ya mlipakodi, na utajaza fomu `W-8BEN` inayothibitisha kuwa wewe si Mmarekani. Ukiwa Tanzania, nenda kwanza benki yako ukaulize, kwa kuwa kutoa fedha nje kwa ajili ya uwekezaji kunasimamiwa na kanuni za fedha za kigeni.

Kisha njia ya fedha. Mara ya kwanza nilituma dola 150 kwa uhamisho wa benki. Benki yangu ilikata ada yake, benki ya katikati ikakata ya kwake, na nilipofungua akaunti nikakuta 112. Robo ya akiba ilikwishaliwa kabla sijanunua chochote, na ingenichukua miaka kadhaa ya soko zuri kuirudisha. Tangu hapo nimejiwekea kanuni: jumla ya ada za kutuma na kununua isizidi asilimia 2 ya fedha inayokwenda. Kama kutuma kunagharimu dola 20 na kununua dola 3, basi natuma nikiwa na 1,150 au zaidi. Mwenye 100 kwa mwezi ataituma mara moja kwa mwaka hivi, na miezi ya kati akiba yake itakaa kwenye mfuko wa soko la fedha hapa nyumbani ikizaa kidogo. Ukipata njia ya kutuma kwa dola 5, tuma kila baada ya miezi minne. Fanya hesabu yako kwa ada zako halisi.

Hatua ya tano: siku ya kununua

Tafuta mfuko kwa namba ya `ISIN`, si kwa jina, maana majina yanafanana mno. Hakiki mambo matatu: soko ni London, sarafu ni dola, na herufi za mwanzo ni `IE`.

Sasa zile saa. Hisa za Marekani na soko la London huwa wazi pamoja kwa saa mbili tu. Wakati wa kiangazi cha Ulaya, kwetu Afrika Mashariki ni kuanzia saa kumi na nusu jioni mpaka saa kumi na mbili na nusu. Wakati wa baridi yao ni saa kumi na moja na nusu mpaka saa moja na nusu usiku. Ukinunua ndani ya saa hizo, pengo la bei huwa jembamba. Ruka dakika kumi na tano za mwanzo, bei huwa bado inatafuta mahali pake.

Skrini itakuonyesha bei mbili: ya juu ndiyo wauzaji wanayotaka, ya chini ndiyo wanunuzi wanayotoa. Chagua oda ya aina ya `Limit`, si `Market`. `Limit` ina maana umetaja bei ya juu kabisa utakayokubali kulipa. Tuseme wauzaji wanataka 120.10 na wanunuzi wanatoa 120.00, weka 120.10 na oda itatimia papo hapo. `Market` hununua kwa bei yoyote itakayokutwa, na siku ya msukosuko bei hiyo inaweza kukushtua. Ukikuta pengo limezidi nusu ya asilimia kwenye mfuko mkubwa kama hii, kuna jambo haliko sawa: soko limefungwa, ni sikukuu, au umechagua mfuko usio sahihi. Funga skrini, urudi kesho.

Baada ya hapo

Kazi ya mwaka mzima ni kuangalia kitu kimoja: je, mfuko umeifuata fahirisi yake? Ripoti ya mfuko huweka safu mbili pamoja. Kama fahirisi ilikua kwa asilimia 10.0 na mfuko kwa 9.8, na ada ni 0.2, yote ni shwari. Pengo likizidi ada kwa kiasi kikubwa, mwaka baada ya mwaka, mfuko una gharama zilizofichika na unaweza kuuhama.

Soko likianguka, mfuko hauna kitu cha kukufanyia zaidi ya kuendelea kushika hisa zile zile. Aliyeuza Machi 2009 aliuza kwenye shimo. Aliyeendelea kuweka dola zake mia alinunua vipande vingi zaidi kwa fedha ile ile, ingawa ilimbidi avumilie miaka kadhaa ya kuona namba nyekundu.

Jambo la mwisho wengi hulisahau. Akaunti hii haina tawi wala kitabu cha benki, na familia yako haitaikuta kwenye droo. Andika kwenye karatasi jina la dalali, namba ya akaunti na `ISIN` ya mfuko, bila neno la siri, uiweke pamoja na hati ya nyumba au wosia. Mwambie mtu mmoja unayemwamini mahali ilipo. Dalali atadai cheti cha kifo na hati ya msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani ndipo awakabidhi vipande hivyo, na hawataweza kuanza kudai kitu wasichojua kipo.